Kikombe Chenye Doa

Kidole cha Bi Sayyida bado kiko hewani, msomaji, pale pale tulipokiacha wiki jana, na bado kinamwelekea mke wa marehemu mwanawe.

"Wewe ndo ulomuua mwanangu," akarudia. "Na Jumana harudi Mabela leo. Nguo zake zitafuatwa."

Ghadeer akatazama ngazi za kwenda juu.

Kama gazeti lako la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, mambo ni haya. Ghadeer, mkazi wa Mabela, ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, mjane wa Mutasim. Kiangazi kilichopita familia ilikimbia joto la Maskati ikaenda Torino, Italia, na Mutasim hakurudi hai. Tangu utotoni mwili wake ulikuwa haupokei maziwa ya ng'ombe hata tone. Huko Torino, mezani, mbele ya watu wake, alikunywa kikombe cha kahawa chenye maziwa. Kikombe hicho kiliagizwa na Ghadeer.

Sasa eda imekwisha. Leo Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, mama mtu kaita kikao nyumbani kwake Qurum. Shauri ni moja tu: Jumana, binti wa miaka sita, akae na nani.

Mwamuzi ni Ami Zahor, ndugu wa marehemu baba yake Mutasim, mtu ambaye katika ukoo huo neno lake halirudiwi. Kando yake kakaa Thani, mdogo wake Mutasim, na tangu aingie hajainua macho kutoka kwenye zulia. Mtoto mwenyewe yuko juu, anatazama katuni, hana habari kwamba anagawanywa.

"Shusha mkono, Sayyida," Ami Zahor akasema. "Ghadeer, mwanangu, nataka nisikie kwa mdomo wako. Ilikuwaje hasa?"

Ghadeer akajikaza. Alimweleza kwa maneno machache na kwa sauti ndogo, akiruka pale palipomuuma. Mimi sitaruka, kwa hiyo nifuate Torino.

Ilikuwa mkahawa wa zamani, taa za manjano, vikombe vya rangi ya udongo. Mutasim alimwita mhudumu mkuu hata kabla hawajaketi. "Bwana, mimi maziwa ni sumu kwangu. Jibini, siagi, malai, vyote." Mhudumu, mzee mwenye masharubu meupe aliyejua Kiingereza vizuri, alikwenda jikoni mwenyewe na kurudi mwenyewe na kila sahani. Chakula kikapita salama.

Ikafika zamu ya kahawa. Mutasim, mama yake na Thani wakataka nyeusi. Ghadeer akasita.

"Unataka macchiato yako, sivyo?" Mutasim akamchokoza. "Sema tu. Nakujua."

"Nitakunywa siku nyingine. Sitaki maziwa karibu yako."

"We agiza! Ile gilasi ndefu, maziwa mpaka juu, karameli inatiririka. Ntaiona hata nikiwa chumba cha pili. Leo raha yako, bibi."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kule Khuwair, Maskati, Ghadeer alipotoka kazini na walimu wenzake, macchiato aliyoijua ilikuwa gilasi yenye ujazo wa mtungi mdogo, tamu, nyeupe, haifanani na kitu kingine chochote mezani. Nyumbani hakuinywa hata siku moja. Basi akaagiza, na moyo wake ukatulia.

Mzee akarudi na sinia moja. Juu yake vikombe vinne vidogo, vyote sawasawa, vyote vya rangi ya udongo.

"Samahani," Ghadeer akasema, "mimi niliomba macchiato."

"Ndiyo hii, bibi."

"Hii? Hii ni kahawa kama ya wenzangu. Maziwa yake yako wapi?"

Mzee akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali hilo na kila mgeni. Akainamisha kikombe kidogo. Juu ya kahawa, katikati ya utando wake wa hudhurungi, palikuwa na alama nyeupe ya povu, si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba.

"Macchiato, kwa lugha yetu, ni kitu kilichotiwa doa," akasema. "Kama shati lililodondokewa na mchuzi. Hii ni kahawa iliyotiwa doa la maziwa. Kahawa ndiyo mwenye nyumba, maziwa ni mgeni mdogo tu. Hiyo ya gilasi ndefu unayoisema wewe iko kinyume: ni maziwa yaliyotiwa doa la kahawa. Ukiitaka hiyo hapa, sharti useme maziwa kwanza, ndiyo doa lije baadaye."

"Kumbe!" Mutasim akacheka. "Mke wangu miaka yote anakunywa asichokijua."

"Na kwa nini povu?" Ghadeer akauliza. Mwalimu wa hesabu haachi jambo nusu.

"Kwa ajili yetu sisi wabeba sinia, bibi. Nasikia zamani mpishi wa kahawa alikuwa akitia maziwa kidogo ndani, yakazama, yakachanganyika. Kahawa ya maziwa na kahawa kavu zikawa sura moja. Mhudumu anafika mezani hajui ipi ya nani. Ndipo wakaanza kuliacha povu juu, lionekane. Hilo doa ni alama. Linaniambia hiki ni chako, na hiki cha bwana asiyekunywa maziwa ni hiki kingine."

Akaviweka kimoja kimoja. Chenye doa mbele ya Ghadeer, vitatu visivyo na doa mbele ya wengine. Akaangalia tena kwa macho yake, akaenda zake.

Kazi yake aliifanya sawasawa, msomaji. Usimlaumu yule mzee.

Bi Sayyida hakufuata neno hata moja la mazungumzo hayo. Yeye ni Kiswahili chake na Kiarabu chake, Kiingereza kinampita. Aliona watu wanachekea kikombe, basi, akaendelea na tasbihi yake.

Dakika hiyo hiyo Jumana akajimwagia juisi ya stroberi kifuani. Ghadeer akainuka naye haraka kwenda kumwosha. Na huko nje, mvua ikapiga. Sasa mtu wa Maskati na mvua, ambayo kwao ni nadra, mnajua wenyewe. Mutasim akaruka kitini na simu yake, akaenda dirishani kupiga picha maji yakishuka, na mgongo wake akaupa meza.

Ghadeer aliporudi, wote walikuwa wamekaa, vikombe viko mahali pake, hakuna povu popote. Akadhani povu limeyeyuka. Akaonja kikombe chake: kikali, kichungu chini ya sukari, hakina hata harufu ya maziwa. Akajiambia kumbe ndivyo lilivyo, doa lisilo na ladha.

Mutasim alikuwa amekwisha kunywa chake. Kahawa ile hunywewa mafunda mawili matatu, imekwisha, huna nafasi ya kuitafakari.

Kwanza alijikuna shingo. Kisha midomo ikavimba. Kisha akaanza kukohoa, kile kikohozi cha mtu anayetafuta hewa asiione, na pumu yake ya tangu zamani ikaamka nayo. Ghadeer alikuwa na sindano ya adrenalini mkobani. Aliipiga palipotakiwa, pajani upande wa nje, juu ya suruali, akaishikilia kama alivyofundishwa. Mutasim akapata nafuu kidogo, akamtazama, akajaribu hata kutabasamu. Halafu koo likafunga tena. Ambulensi ilifika mvua ikinyesha, wakampiga sindano nyingine, wakamtia bomba la hewa, na kabla ya hospitali alikuwa keshakwenda.

Tumerudi Qurum.

"Na kikombe kilihamaje?" Ami Zahor akauliza. "Mzee kakiweka mbele yako. Kimefikaje kwa Mutasim?"

"Sijui, Ami." Machozi yalikuwa yakishuka yenyewe. "Labda niliposimama na mtoto mkono wangu ulikisukuma. Labda nilikivuta nikakiacha upande wake. Kila nikifumba macho nakiona kile kikombe, ila mkono wangu siuoni."

"Mmesikia?" Bi Sayyida akaruka. "Kakiri! Tena Thani aliniambia siku ile ile, kikombe cha mkewe ndo kilochomuua. Sivyo, Thani?"

Thani akaitikia kwa kichwa, bila kuinua macho.

Ami Zahor akavuta pumzi. "Kabla sijasema neno langu, tunywe kitu. Phyllis!"

Phyllis, Mkenya anayesaidia kazi za nyumba, akaingia na sinia. Vikombe vinne vya kahawa nzito ya unga, vyeusi nje na ndani.

"Mzee, hii ndio yako," akasema, akimwekea Ami Zahor. "Nimekutilia maziwa kidogo tu, vile ulisema. Hizo zingine ni nyeusi."

Maziwa katika nyumba ile! Tangu Mutasim anyonye ziwa la mama yake, ambaye naye alijinyima maziwa ya ng'ombe kwa ajili yake, hayakupita mlango ule. Wali wao kwa tui la nazi, chai yao ya rangi, maandazi yao kwa tui. Leo yameingia, kwa kuwa wa kumdhuru hayupo tena.

Na ndipo lilipotokea.

Bi Sayyida, machozi yakimtoka, midomo yake bado inanong'ona lawama, akanyoosha mikono. Akavikusanya vikombe vyote vinne mbele yake. Hakuvitazama. Akachota sukari, kijiko kimoja na nusu kila kikombe, akakoroga cha kwanza, kwa kijiko kile kile akakoroga cha pili, cha tatu, cha nne. Kisha akavigawa tena, kuanzia kulia kwake, kama alivyowagawia watoto wake tangu walipokuwa wakining'iniza miguu vitini. Katika nyumba yake hakuna aliyewahi kujitilia sukari mwenyewe. Hiyo ndiyo namna yake ya kupenda, na ilikuwa salama siku zote kwa sababu siku zote vikombe vyote vilikuwa kitu kimoja.

Ami Zahor akanywa, akakunja uso. "Mbona hii kavu? Mie nlitaka ya maziwa."

Ghadeer akainua kikombe chake. Akaonja.

Maziwa.

Nusura akiangushe. Akavitazama vikombe vingine kwenye meza: vyote vyeusi, vyote vimekorogwa, huwezi kuvitofautisha. Akamtazama Bi Sayyida, anayejifuta macho kwa ncha ya leso, kijiko bado mkononi, hajui kitu. Kisha akamtazama Thani.

Thani alikuwa ameinua macho. Na uso wake ulikuwa mweupe kama sanda.

"Naomba maji," Ghadeer akasema, akaondoka mbio kwenda jikoni.

Hakufika kwenye bomba. Thani alikuwa nyuma yake, anafunga mlango.

"Shemegi, nakuomba."

"Ulimwona," Ghadeer akasema. "Torino. Ulikuwa umekaa ubavuni mwa Mama. Ulimwona Mama akikoroga."

"Nlimwona, sikuona. Wallahi, sikuona! Mama kila siku anakoroga, nani huwa anamtazama? Nilikuwa natazama mvua. Mutasim aliposhika koo ndo nikakumbuka vile vikombe. Vilikuwa vimeshagawiwa."

"Na ukasema ni mie."

"Nlisema ni kikombe chako. Sikusema uwongo."

Ghadeer akamtandika kofi. Nasema hapa bila haya, msomaji: kofi hilo nililingoja tangu sura ya kwanza.

Thani hakujishika hata shavu. "Nipige tena. Lakini nisikilize. Mama kazaa watoto wawili, mmoja keshamzika. Unataka umwambie mkono wake wenyewe ndo ulomzika? Atakufa, Ghadeer. Ataacha kula, ataacha kuzungumza, atakufa."

"Na mie je? Miezi yote hii nalala na kile kikombe kichwani. Nimejichukia. Nimemtazama mtoto wangu nikajiona mwuaji wa baba yake. Mie sikufa?"

"Wewe kijana. Utapona."

"Nipone bila Jumana?"

Thani akasema kwa sauti ya mtu anayejua kuwa anasema upuuzi: "Ntamshawishi Mama akupe wikendi."

Ghadeer akacheka, kicheko kibaya, kikafa njiani. Alikuwa na silaha mkononi sasa. Sentensi moja tu pale ukumbini, na mtoto ni wake, jina lake limesafika, usingizi wake umerudi. Sentensi hiyo hiyo ingemshukia mwanamke ambaye, kabla ya Torino, alimwita binti yangu, akampikia uji wa uzazi kwa mikono yake.

"Sitamwambia kwa chuki," akasema mwishowe. "Ila sijui kama nitaweza kunyamaza. Nipishe."

Wakarudi. Ami Zahor alikuwa ameweka kikombe chake pembeni. Akakohoa.

"Ghadeer, mwanangu, mimi sikuiti mwuaji. Ajali ni ajali. Lakini Sayyida haamini mikono yako juu ya mtoto, na mimi siwezi kuulazimisha moyo wake. Jumana akae hapa Qurum. Wewe utamwona utakapo. Una neno la mwisho?"

Kutoka juu ikasikika sauti ya mtoto akicheka katuni yake.

Ghadeer akamtazama Bi Sayyida. Ule uso uliokuwa ukimtukana sasa ulikuwa umelegea, umechoka, umezeeka miaka kumi. Neno likamfika mdomoni. Akalirudisha. Alimhurumia, akajichukia kwa kumhurumia, na mtoto wake alikuwa akimponyoka huku amekaa.

"Sina, Ami," akasema.

Thani akashusha pumzi ambayo chumba kizima kiliisikia.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini Bi Sayyida, aliyekwisha kushinda, alikuwa na jambo moja lililobaki moyoni mwake, na sauti yake sasa haikuwa na ukali.

"Niambie kitu, Ghadeer. Sikupata kukuuliza. Lile jina la kahawa yako. Siku ile mzee yule alikueleza sana, mkacheka, na mimi sikufahamu. Macchiato, maana yake nini? Nataka nijue alichokunywa mwanangu."

"Mama, ya nini hayo?" Thani akaingilia.

"Nimemuuliza yeye."

Ghadeer akamgeukia. Mtu hawezi kumnyima mama jambo kama hilo. "Maana yake imetiwa doa, Mama. Ni kahawa nyeusi kama ya kwenu. Juu yake wanaweka doa la povu la maziwa."

"Doa tu?"

"Doa tu. Kama ukucha."

"Basi mbona Mutasim hakuliona? Mwanangu alikuwa na macho. Maziwa aliyakimbia tangu hajajua kusema."

Ghadeer akamtupia Thani jicho.

"Sema, mwanangu. Doa jeupe juu ya kahawa nyeusi, hakuliona vipi?"

"Linawekwa ili lionekane," Ghadeer akasema polepole. "Ndo kazi yake. Anayebeba sinia ajue kipi kina maziwa. Ila linakaa juu tu, Mama. Likiguswa..."

"Likiguswa nini?"

"Basi, Mama!" Thani akapaza sauti, keshasimama. "Basi! Yamekwisha hayo!"

Na ni ukelele huo ulioharibu, si neno la Ghadeer. Bi Sayyida akageuka akamtazama mwanawe, usoni, kwa muda mrefu, kama mama anavyomtazama mtoto aliyeficha kitu nyuma ya mgongo. Kisha akamtazama Ami Zahor na kikombe chake kikavu alichokiweka pembeni. Kisha kikombe cha Ghadeer, ambacho kwenye ukingo wake, pale alipoonja, palikuwa na alama ya maziwa inayokauka.

Kisha akakitazama kijiko kilichokuwa bado mkononi mwake.

"Likikorogwa," akasema. Hakuuliza. "Likikorogwa, linapotea."

Huko juu katuni ikaisha, na hatua ndogo za Jumana zikaanza kushuka ngazi.

Bi Sayyida akakiweka kijiko mezani, taratibu, mbali naye, kama kitu cha moto.

"Thani," akasema. "Wewe ulikuwa ubavuni mwangu. Siku ile nani alitia sukari?"